Jinsi nilivyolipwa kamisheni ya viwanja niliyodai miezi minne

Jana hela imeingia, shilingi 1,800,000, basi naandika kwa madalali wenzangu wa viwanja.

Niliuza viwanja vya kampuni moja Kigamboni kwa kamisheni ya asilimia 5. Nilipiga simu, nikaenda ofisini, nikaandika barua ya kudai 2,300,000. Kila mara jibu lilikuwa "tunafuatilia".

Siku moja nikausoma mkataba wangu taratibu. Kifungu cha 4 kinasema kamisheni inalipwa mteja akishamaliza kulipa. Mimi kwenye barua nilikuwa naandika tarehe niliyompeleka mteja saiti! Mhasibu angeipata wapi hiyo kwenye vitabu vyake?

Nikawaomba wateja wanipigie picha risiti zao za mwisho. Mmoja bado alikuwa analipa kwa awamu, nikamtoa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akikwamisha dai zima. Barua mpya ikataja kifungu cha 4, kisha kila kiwanja na mstari wake:

"Kiwanja na. 17, bei 12,000,000, risiti ya mwisho na. 0342, asilimia 5 = 600,000."

Vingine viwili, vya 9,000,000 na 15,000,000, vikatoa 450,000 na 750,000. Chini nikaweka jumla, akaunti yangu, na ombi la kulipwa ndani ya siku 14. Nakala yangu ikagongwa mhuri wa kupokelewa mapokezi.

Siku ya tatu mhasibu akapiga: "Kaka, hizi risiti nimeziona zote."