Mdiria mmoja, picha 14: kumbukumbu ya kutafuta iliyoshika fokasi

Jumamosi asubuhi, kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi, mdiria mweusi-na-mweupe alisimama hewani juu ya bwawa, akipiga mabawa huku akitafuta samaki. Alikuwa kama mita 10 kutoka nilipochutama. Nikabonyeza na kuendelea kubonyeza: picha 14 ndani ya sekunde mbili, kutoka DSC_0412 hadi DSC_0425. Leni ya milimita 300, tundu f/5.6, shata 1/500, ISO nimeiachia kamera.

Nilipozifungua nyumbani, zote zilionekana kali na zote zilionekana sawa. Hapo ndipo nilipokosea mwezi uliopita: nilibakiza ya kwanza iliyonipendeza, nikafuta zingine, na siku nilipotaka kuchapisha nikagundua niliyobakiza ilikuwa imetikisika. Sababu ni rahisi. Picha yangu ina upana wa pikseli 6000, skrini ina 1920. Kompyuta inaibana picha zaidi ya mara tatu ili itoshee, na mtikisiko wa pikseli tatu unamezwa humo humo. Skrini ya kamera ni ndogo zaidi, kwa hiyo inaficha hata zaidi. Safari hii nimeamua sifuti chochote mpaka nijue kila picha ina tatizo gani, na kwa nini.

Jumapili: alama ya picha nzima

Nilianza na kipimo kinachojulikana zaidi, tofauti ya Laplasi. Kinaangalia jinsi kila pikseli inavyoachana na majirani zake. Ukingo mkali unatoa namba kubwa, ukingo uliofifia unatoa ndogo. Mistari minne ya Python na OpenCV inatosha:

```python
import cv2
p = cv2.imread("DSC_0412.JPG", cv2.IMREAD_GRAYSCALE)
alama = cv2.Laplacian(p, cv2.CV_64F).var()
print(alama)
```

Namba yenyewe peke yake haina maana. Picha ya ukuta mweupe itapata alama ndogo hata ikiwa kali kama wembe. Inafaa tu kulinganisha picha za kitu kimoja, pahali pamoja, kwa mwanga uleule, na picha 14 za mfululizo mmoja ndiyo hali hiyo hasa.

Aliyeshinda ni 0419, tena kwa mbali. Nikaivuta hadi 100%. Majani ya mikoko nyuma ya bwawa yanahesabika moja moja, na mdiria ni donge la pamba. Fokasi iliruka kutoka kwa ndege ikashika mikoko, na kwa kuwa mikoko inajaza theluthi mbili ya picha, kipimo kikaipa zawadi. Programu haikukosea. Niliiuliza picha ipi ina kingo kali nyingi, ikanijibu hilo hilo. Swali langu lilikuwa jingine: ndege yuko kwenye fokasi?

Jumatatu: kichwa peke yake

Mdiria anaposimama hewani hivi, mabawa yanakwenda kasi lakini kichwa anakituliza kabisa, maana anapima samaki yuko wapi. Kwa hiyo bawa lililofifia si kosa, mara nyingi ndilo linaloipa picha uhai. Kinachotakiwa kuwa kikali ni kichwa. Nikachora kisanduku kuzunguka kichwa kwenye kila picha, kwa mkono, mara 14, kisha nikapima ndani ya kisanduku tu.

Mshindi mpya ni 0423. Nayo nikaivuta, nikaona kichwa kimejaa chengachenga. Nikaangalia taarifa za faili: picha nyingi zina ISO 800, hii ina 3200. Kamera ilipepesuka kwenye kupima mwanga, ikapandisha ISO. Na chengachenga, kwa macho ya Laplasi, ni kingo kali zilizotapakaa kila mahali. Picha chafu ikaonekana kali kuliko safi.

Dawa yake ni kulainisha kidogo kabla ya kupima, ili doa la pikseli moja life lakini ukingo wa kweli ubaki:

```python
k = p[y:y+h, x:x+w]
k = cv2.GaussianBlur(k, (3, 3), 0)
alama = cv2.Laplacian(k, cv2.CV_64F).var()
```

Hapa `x`, `y`, `w` na `h` ni kona na vipimo vya kisanduku. Baada ya kulainisha, 0423 ilishuka hadi nafasi ya sita. Walibaki wawili juu, 0416 na 0421, wakifuatana kwa karibu sana. Chini yao kulikuwa na kundi la picha zilizofifia, na nilitaka kujua zimefifia kwa nini, kwa sababu kila kosa lina marekebisho yake siku ya kurudi bwawani.

Jumatano: kwa mzee wa studio

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyekuwa na studio ya picha enzi za filamu. Nilimpelekea kompyuta mpakato.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leta tuone."

Nikamwonyesha 0414, iliyokuwa mbaya waziwazi. Hakuangalia ndege kwanza. Aliangalia kijiti kilichochomoza majini, karibu chini ya ndege kabisa.

"Kijiti hiki hakitembei," akasema. "Kama kimekwaruzika, mkono wako ndio uliotikisika. Kama kimetulia na ndege kakwaruzika, ndege ndiye aliyetembea. Na kama vyote viwili vimefifia bila mkwaruzo, basi fokasi iko kwingine, itafute mbele au nyuma yao."

Tukazipitia zote kwa utaratibu huo. Kwenye 0412, picha ya kwanza, kijiti na ndege wote wamevutwa kuelekea chini: ni kidole changu kilivyobonyeza kwa nguvu. Kwenye 0414 kijiti ni kikali, ndege kavutwa kwa mlalo. Upepo ulimsukuma. Na 0419 ndiyo ile ya mikoko.

Kisha akaniambia nitazame nukta ya mwanga jichoni. Jua lilikuwa nyuma yangu, kwa hiyo kila picha ina nukta nyeupe kwenye jicho la ndege, na nukta hiyo inaeleza mambo yote. Fokasi ikikaa, ni nukta ndogo yenye ukingo. Fokasi ikipita, inatanuka na kuwa duara hafifu, sawa pande zote. Kitu kikitembea, inakuwa mstari, na mstari unaonyesha kimeelekea wapi. Kwenye 0414 nilihesabu mstari wa pikseli nane. Kwa leni yangu na umbali ule, pikseli moja ni kama milimita 0.13 kwenye ndege mwenyewe, kwa hiyo kichwa kilisogea karibu milimita moja wakati shata iko wazi. Katika 1/500 ya sekunde, hiyo ni kasi ya nusu mita kwa sekunde. Kwa 1/2000 mstari ungekuwa pikseli mbili tu. Kizuia mtikisiko cha leni kisingenisaidia hapa, kwa sababu kinatuliza mkono, hakimtulizi ndege.

Alhamisi: kupima mwelekeo

Nilitaka programu itofautishe mkwaruzo na fokasi iliyokosa. Wazo ni hili: kitu kikisogea kwa mlalo, kingo za wima ndizo zinazofifia, zile za mlalo zinabaki kali. Fokasi ikikosa, zote zinafifia pamoja.

```python
gx = cv2.Sobel(k, cv2.CV_64F, 1, 0)
gy = cv2.Sobel(k, cv2.CV_64F, 0, 1)
print((gx**2).mean() / (gy**2).mean())
```

Hapa `gx` inapima kingo za wima na `gy` inapima za mlalo. Picha nyingi zilitoa uwiano kati ya 0.9 na 1.1. Picha ya 0414 ikatoa 0.4, na 0412 iliyovutwa chini ikatoa 1.9. Ile ya mikoko, 0419, ilitoa 1.0 na alama ndogo ya Laplasi kichwani, yaani imefifia sawasawa pande zote. Nilifurahi sana kuona namba zinasema alichokisema mzee. Uwiano huu lakini unategemea ndege kuangalia upande uleule katika picha zote. Akigeuza kichwa, mdomo mrefu unabadili hesabu nzima. Na kitu kikisogea kwa mshazari wa nyuzi 45, gx na gy zinashuka pamoja, na kipimo kinadhani ni fokasi. Kwa hali hiyo nakizungusha kisanduku nyuzi 45 na kupima tena.

Jumamosi: 0416 au 0421

Zimebaki mbili. Alama ya 0416 ni 212, ya 0421 ni 198. Uwiano wa zote ni wa kawaida. Nikaziweka bega kwa bega kwa 200%, nikianza na jicho.

Kwenye 0416 nukta ya jichoni ni duara dogo, pikseli kama tatu, ukingo wake umelainika. Mdomo lakini ni mkali ajabu, hadi ncha. Kwenye 0421 nukta ni ndogo na kali, na vinyoya vya mstari mweupe juu ya jicho vinaonekana kimoja kimoja, ila ncha ya mdomo imelainika. Ndege alikuwa amenigeukia kidogo, mdomo uko sentimita chache mbele ya jicho, na kwa f/5.6 kwa mita 10 nina kina cha fokasi cha sentimita kama tisa tu nikiwa mkali wa kipimo. Kwenye 0416 fokasi ilikaa mdomoni.

Kwa nini basi 0416 ikapata alama kubwa zaidi? Mdiria huyu ana utepe mweusi unaopita machoni, na jicho lenyewe ni jeusi ndani ya weusi. Kingo zake ni hafifu hata zikiwa kali. Mdomo mweusi mbele ya maji yanayong'aa ni ukingo mkubwa kuliko vyote kwenye kisanduku, na Laplasi hujibu tofauti ya mwanga, haijui kwamba mtazamaji ataanza na jicho. Nikapunguza kisanduku kibane jicho na mstari mweupe tu. Sasa 0421 inapata 141, 0416 inapata 96.

Nimeiweka 0421. Nimeiweka pia 0417, ambayo bawa lake lote ni ukungu na jicho limetulia. Zingine nimezihamishia kwenye folda ya kusubiri, kila moja na sababu yake kwenye jina: `0412_mkono`, `0414_ndege`, `0419_mikoko`.

Kinachonichosha ni kuchora visanduku kwa mkono. Wiki ijayo nitajaribu `cv2.matchTemplate`: nachora jicho mara moja kwenye 0421, programu ilitafute kwenye zingine 13. Wasiwasi wangu ni picha zilizofifia sana, huenda ikashika nukta ya maji badala ya jicho, kwa hiyo nitaanza na 0414 na 0419.