Kamera msibani: kilichonikuta Marangu

Leo nimekaa na hard disk yangu nafuta picha za zamani ili nipate nafasi, nikakutana na folda ya msiba wa baba mdogo. Sijaifuta. Ila imenifanya nikae na chai mpaka ikapoa, nikaona bora niandike tu.

Mi ni mpiga picha wa harusi hapa Dar, sendofu, kipaimara, hivyo vitu. Msiba sijawahi kuutafuta kama kazi. Miaka ya nyuma niliwahi kuombwa na jirani, nikaenda na mazoea ya harusi, flashi juu ya kamera, logo kwenye kona ya picha, na jioni hiyohiyo nikatupia nne kwenye grupu la mtaa. Kumbe kuna mtoto wa marehemu alikuwa chuo mkoani, ndugu wamempandisha basi wakimwambia baba anaumwa sana, njoo. Picha ya jeneza ikamkuta yuko kwenye basi. Sikuitwa tena pale na wala sikustahili kuitwa.

Kwa hiyo baba mdogo alipofariki na ukoo ukasema "si yupo wa kwetu mwenye kamera", nilisita. Nilijua mwili unasafirishwa usiku kwenda Marangu, ibada itakuwa nyumbani, watazika kihambani, shamba la ukoo, karibu na babu. Nikajiambia nitapiga ila kwanza nijue nani ananiruhusu, maana kwenye msiba kila mtu anaongea kama mwenye msiba. Shangazi anasema piga yote, kaka mmoja anasema usipige, MC anasema simama hapa. Nikamfuata baba mkubwa kabla msafara haujaondoka Dar, shikamoo, nikamuuliza mambo matatu tu: uso wa marehemu upigwe au usipigwe, nani atazipokea picha, na nani wa familia bado hajajua. La tatu lilimshtua. Kulikuwa na bibi mmoja Rombo, mgonjwa wa presha, walikuwa wamepanga wamwambie asubuhi akiwa na mtu pembeni. Bas, mpaka asubuhi hakuna picha inayotoka, na yeye mwenyewe akapiga simu kwa vijana wasiweke statasi.

Suala la uso ndilo lilileta kazi. Dada yetu mmoja, binti wa marehemu, yuko Minnesota, Marekani, makaratasi hayajakaa sawa, akitoka harudi. Usiku ule akanipigia analia, "nipigie kila kitu, nataka kumwona baba." Mama mdogo naye amesema hapana, hataki mumewe azunguke kwenye masimu ya watu akiwa amelala vile. Na wote wawili wana haki, si ndiyo? Mi nikarudisha kwa baba mkubwa. Akaingia chumbani kwa mama mdogo, akakaa naye pale kwenye godoro kama nusu saa hivi, akatoka na jibu: moja tu, kabla watu hawajaanza kuaga, na aipate binti peke yake.

Nilipiga mbili kwa kweli, ya pili kwa hofu kwamba ya kwanza imetikisika. Jeneza lilifunguliwa sebuleni tukiwa watu watano. Nikaomba lisogezwe kidogo likae sambamba na dirisha, pazia likafunguliwa, flashi hapana kabisa, maana flashi ya mbele inang'arisha ngozi, inatoa kila pamba na kila poda, mtu anageuka sanamu. Mwanga wa dirisha unapita kwa ubavu, uso unabaki uso. Kitu kingine ambacho watu hawakijui, usisimame upande wa miguu ukapiga kuelekea kichwani, unapata matundu ya pua na kidevu, hata aliye hai anaharibika kwa pembe hiyo. Simama ubavuni usawa wa kifua, juu kidogo, chukua kuanzia kwenye tai kwenda juu. Nilichukua na ukingo wa kitambaa cheupe ili ieleweke ni wapi, isionekane kama nimemvizia mtu usingizini.

Alafu kutuma. Wasap sikutaka, kwa sababu picha ya wasap mara nyingi inajihifadhi yenyewe kwenye simu, na dada ana watoto wadogo wanaochezea simu yake kutwa. Nikampigia kwanza, nikamwambia nakutumia kwa imeili, utafungua siku ukiwa tayari, usipofungua pia sawa. Alifungua baada ya miezi mitatu. Aliniambia tu "amevaa ile suti ya kijivu." Hatujaongea zaidi ya hapo.

Nje sasa. Turubai. Jamani turubai la bluu ni adui! Jua la mlimani linapita kwenye lile nailoni, watu wote chini yake wanakuwa bluu, ngozi nyeusi ndiyo inaharibika zaidi, mtu anaonekana mgonjwa. Ukirekebisha rangi kwenye kompyuta nguo nyeupe zinarudi lakini pale pembeni jua linapoingia panageuka machungwa. Nilichofanya ni kutafuta watu waliokaa ukingoni, ambao mwanga wa nje unawapiga usoni, nikawapiga wao wakati wasifu unasomwa. Wale wa katikati niliwafanya nyeusi na nyeupe baadaye, siyo kwa ajili ya huzuni wala usanii, ni kwa sababu ya turubai.

Kelele nayo. Shata ya kamera yangu ikilia kanisani inasikika mpaka kwaya, sembuse pale ambapo watu wamenyamaza wanasubiri mchungaji aseme neno. Inayo shata ya kimyakimya, nikaiweka hiyo, nikazima mlio wa kufokasi na kile kitaa chekundu cha mbele. Ila ndani ya nyumba kulikuwa na tyubulaiti, na shata ya kimya chini ya tyubulaiti inaleta mistari myeusi kwenye picha, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka kasi ya shata 1/100 au 1/50 ya sekunde mistari mingi inaondoka. Ukisahau ukaweka 1/500 utaiona kwenye skrini yako hapohapo, usijidanganye kwamba utairekebisha nyumbani.

Kwenye kuaga, vijana wa video wanapenda kusimama kichwani pa jeneza wanawatazama waombolezaji, ili wapate machozi. Nilimwomba MC aseme kwenye maiki kwamba familia imeomba simu zisitolewe wakati wa kuaga, kuna kijana wa nyumbani anapiga. Ilisaidia kiasi, si sana, kuna mzee mmoja alirekodi mwanzo mwisho na tabuleti kubwa kama sinia. Mi nilikaa pembeni nyuma ya mstari. Nikapiga migongo, mstari unavyokunja kona kuzunguka migomba, mkono wa mtu kwenye ukingo wa jeneza. Binamu mmoja alidondoka, kanga ikafunguka, akina mama wakamzunguka wakamfunga. Nilishusha kamera ikakaa tumboni, mikono juu yake, waone sipigi. Nadhani hilo ni muhimu kuliko kutokupiga kwenyewe, kwa sababu aliyedondoka hajui kama umepiga, waliomshika ndio watakuwa wanakukumbuka.

Kaburini kuna jambo moja, lile lundo la udongo. Linavutia maana ni refu, unaona kila mtu, na ndipo kila mwenye kamera anapopanda. Usipande. Vijana wenye machepe wanaanzia hapohapo, ukingo unabomoka, na udongo ukiporomokea shimoni kabla ya mchungaji kutupa wa kwake utasikia miguno ambayo hutaisahau. Nilisimama upande wa miguu, safu ya pili, kati ya bega la mtu na bega la mtu, lenzi ya milimita 85 ikatosha. Kile kitendo cha kuteremsha jeneza kwa kamba nilipiga mara tatu tu. Mashada nilipiga yote, kila kundi lililotajwa, kwa sababu hiyo watu wanaitafuta baadaye: wajukuu, majirani wa Dar, wanakwaya, wafanyakazi wenzake. Na ilipofika zamu ya watoto wa kaka na dada nikampa kamera mtoto wa shangazi, nikaenda kuweka shada langu. Aliyonipiga iko na ukungu, kichwa kimekatwa. Naipenda hivyohivyo.

(Hapa nisieleweke kwamba kila mahali ni hivi. Alipofiwa rafiki yangu Tanga niliuliza mapema, akaniambia kamera iache garini. Mzee alikufa alfajiri, alasiri kashazikwa, jeneza limebebwa kwa zamu mpaka makaburini na pale kaburini shuka limetandwa juu wakati wa kumwingiza mwanandani, hata ungekuwa na lenzi ya aina gani hakuna cha kuona na ndiyo maana ya lile shuka. Kuna vijana walitoa simu, sheikh akawaambia wekeni, itikieni dua. Kwao picha haikuombwa, nikachukua chepe kama wengine.)

Jumla Marangu nilipiga 212. Nilifuta za watoto wanaolia, na moja nzuri sana, yani nzuri kitaalamu, ya mama mdogo anapigwa na mwanga kwenye kanga yake. Niliizungukia wiki nzima. Mwisho nikamwonyesha yeye mwenyewe, akasema, "hii toa mwanangu." Nikatoa. Zilizobaki 90 nikaweka kwenye flashi diski, hazina logo, nikampa baba mkubwa baada ya matanga, na sijaweka hata moja kwenye ukurasa wangu wa kazi.

Nilichokuwa sijakifikiria kabisa nilikuja kukiona kwenye maadhimisho ya mwaka. Mama mdogo alikuwa ndani kwenye godoro siku zote zile. Alitoka mara mbili, kuaga na kuzika, na mara zote kichwa kiko chini ndani ya kanga. Msiba wa mumewe hakuuona. Akakaa na mimi kwenye kompyuta saa mbili nzima, uso mmoja baada ya mwingine, huyu nani, huyu naye alikuja, kumbe fulani alipika, mbona hakuniambia. Zile picha za jikoni nyuma ya nyumba, sufuria la machalari na akina mama wanamenya ndizi, ambazo nilipiga kwa sababu tu nilitaka kupumzika na vilio, ndizo alizirudia mara nyingi zaidi.

Kwenye moja kuna mzee kasimama peke yake mbali kwenye migomba, kofia mkononi, koti kubwa. Mama mdogo akanyoosha kidole. Hamjui. Baba mkubwa hamjui. Hayupo kwenye daftari la rambirambi wala hakuweka shada. Mama mdogo aliniomba nimkuzie, nikaikata ile picha nikaiprinti, sa hivi iko kwenye pochi yake na kila akipanda Marangu anaitoa sokoni anauliza watu.