Nililipa kodi kwa mkupuo wa miezi mitatu, mama mwenye nyumba akanipunguzia: ilivyokuwa Sakina

Hapa Arusha nyumba nyingi ukiingia tu unaambiwa ulete ya miezi mitatu, sita, wengine mwaka mzima, na hakuna wa kukupunguzia hata mia. Kwa hiyo nilichofanya hakimfai kila mpangaji. Mimi niliweza kwa sababu chumba na sebule ninachokaa Sakina, nyumba ya uani, nilikuwa nalipa mwezi kwa mwezi, Sh 200,000 kila tarehe moja. Anayelipa mwezi kwa mwezi bado ana kitu cha kumpa mwenye nyumba.

Kazi yangu ni kuendesha watalii. Hai sizoni, kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Krismasi mpaka Februari, hela ipo. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, magari yamepaki, na mtu unaishi kwa ulichoweka. Tena tarehe moja ikifika mara nyingi niko Serengeti mahali mtandao haushiki, mama mwenye nyumba anapiga simu haipatikani, nikirudi namkuta amenuna. Hakuwa na ubaya, ila ile laki mbili alikuwa ameshaipangia kazi.

Mwezi wa kumi na mbili ndio nilipomwendea. Sikuanza na punguzo. Nilimsalimia shikamoo, tukaongea mambo ya mahindi na ya watoto, akalalamika mwenyewe: Januari shule zinafunguliwa, wawili wako bweni, ada ya muhula inatakiwa yote kwa pamoja, na kodi zetu zinamwingia vipande vipande. Mwaka uliotangulia alikuwa amekopa kwa mtu wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Hapo nikajua kodi ya mapema ina thamani gani kwake.

Hesabu niliyokuwa nimeipiga ilikuwa hivi. Miezi mitatu ni Sh 600,000. Ya Januari ningelipa tu hata bila makubaliano, kwa hiyo hiyo haihesabiki. Ninachomtangulizia ni laki mbili ya Februari, mwezi mmoja kabla ya wakati wake, na laki mbili ya Machi, miezi miwili kabla. Mkopo wa mtaani ungemla Sh 20,000 kwa ile ya Februari na Sh 40,000 kwa ile ya Machi, jumla Sh 60,000. Hiyo ndiyo asilimia 10 ya kodi yote, na ndiyo niliyoitaja: "Mama, nikikuletea ya miezi mitatu kabla shule hazijafunguliwa, unipunguzie sitini."

Akacheka. "Sitini mwanangu? Hiyo si zaidi ya wiki nzima unakaa bure!" Kisha akasema lililokuwa linamsumbua zaidi: "Na hawa wa mbele wakisikia nimekupunguzia wewe, kesho si wote watakuja?"

Hoja yake ilikuwa ya maana, kwa sababu wapangaji wanaongea, hasa bombani. Nikamwambia kodi yangu haishuki, inabaki laki mbili kama ya mwenzangu yeyote, na anayetaka punguzo alete naye ya miezi mitatu kwanza. Hilo lilimtuliza. Tukavutana kidogo, tukakutana kwenye Sh 30,000, asilimia 5. Nililipa Sh 570,000.

Risiti ndiyo iliyobeba makubaliano yote, na naisisitiza kuliko kiasi cha punguzo. Tuliiandika kwenye kitabu chake cha risiti kwa mistari mitatu: kodi ya miezi mitatu Sh 600,000, punguzo la malipo ya mapema Sh 30,000, imepokelewa Sh 570,000. Ukiandika "kodi 570,000" peke yake, siku mkikosana anaweza kusema ulilipa pungufu. Au wewe ukaja kudai kuwa kodi ni 190,000 siku zote, hata ukirudi kulipa kila mwezi.

Kwenye mkataba wetu tuliongeza maneno machache tu, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Kodi ya msingi haipandi kwa miezi 12. Nikihama katikati kwa taarifa ya mwezi mmoja, ananirudishia miezi ambayo sijakaa, lakini punguzo ninalipoteza: miezi niliyokaa inahesabiwa kwa laki mbili kamili. Hilo la mwisho nililitoa mwenyewe, maana bila hilo asingekubali la kurudisha. Na maji na umeme havimo, tunaendelea kuchangia kama zamani.

La kutopandisha kodi msilichukulie kirahisi. Kama mama angeipandisha kutoka 200,000 hadi 210,000 mwezi wa nne, miezi mitatu ingekuwa 630,000, ukitoa asilimia 5 inabaki 598,500. Yaani ningekuwa nimerudi nilikotoka, huku hela yangu imetangulia. Punguzo lisilofunga kodi ya msingi linaweza kufutwa kwa sentensi moja.

Tarehe nazo tulizipanga kwa makusudi: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Januari na Julai ni mihula inafunguliwa, zinamfaa yeye. Oktoba inanifaa mimi, nimetoka msimuni. Julai msimu ndio umechanganya, ila mfuko bado haujajaa, kwa hiyo niliomba mkupuo huo ufike hadi tarehe 10, akakubali. Ya kuogopa ni Aprili, kwa sababu inakuja ndiyo kwanza safari zimekatika. Kila nikirudi safari Januari na Februari nilitenga sehemu ya tipu kwenye laini ya pili ya simu, ambayo namba yake hata nyumbani hawaijui. Aprili ilipofika hela ilikuwepo, na Mei yote, mwezi ambao zamani ulikuwa unanikosesha usingizi, nilikaa bila kudaiwa na mtu.

Ila ihesabu kwa hela yako tu. Jirani yangu alitaka kuniiga kwa kukopa kwenye kikundi, nao wanatoza asilimia 10 kwa mwezi. Zaidi ya ile laki mbili ya mwezi wa kwanza, alihitaji Sh 370,000. Riba ya mwezi mmoja tu ni Sh 37,000, na punguzo ni Sh 30,000. Angelipa ili apunguziwe. Akaacha.

Malipo natuma kwa simu, kwenye namba yenye jina lilelile la mkataba. Siku moja kijana wake alinifuata akisema mama yuko Moshi kwenye msiba, nimpe yeye zile za Julai. Laki mbili pengine ningempa. Karibu laki sita nilipiga simu kwanza, na mama akasema nimtumie yeye mwenyewe, nisimpe kijana.

Mwaka ulipoisha mama akapandisha kodi hadi 215,000, akataka sasa nilipe ya miezi sita kwa asilimia 5 ileile. Nilikataa. Kwa miezi sita, hela ya mwezi wa mwisho inakuwa imetangulia miezi mitano, punguzo halijaongezeka, na nyumba ikiuzwa au tukikosana kilicho mkononi mwake ni zaidi ya mara mbili. Nikamwambia ya sita naitoa kwa asilimia 12. Akasema hiyo ni biashara nyingine. Tukabaki kwenye miezi mitatu: 645,000, toa 32,250, inabaki 612,750. Ile 750 akasema niiache.