Viazi vya kijani vilivyomlaza mwanangu, na ninavyochambua gunia siku hizi

Mimi nakaanga chipsi Dar, huu mwaka wa sita, viazi mviringo nanunua kwa gunia kila wiki, sasa nikikwambia sikujua kitu kuhusu viazi vya kijani utashangaa ila ndo ukweli. Nilikuwa najua vinaharibu rangi ya chipsi tu, mteja anaona doa la kijani anakasirika, basi. Kwahiyo vya kijani nilikuwa natenga havikaangwi kwa wateja, naenda navyo nyumbani tunakula wenyewe.

Ilivyotokea ni hivi. Mwezi ule biashara ilikuwa imelala nikabaki na viazi kama nusu gunia, nikavimwaga chini stoo visioze. Ile stoo bati moja juu ni lile la plastiki linalopitisha mwanga, niliwekaga ili nisiwashe taa mchana. Vikakaa pale kama wiki mbili hivi, vikapata ukijani upande wa juu na vingine vikatoa machipukizi marefu kama kidole. Mi nikaona bado vigumu, havijaoza, nikachagua vile vidogo vidogo nikaviosha nikavichemsha na maganda yake, nikaungia chumvi na chatini ya ukwaju yenye pilipili.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu, kilo 14. Alipoonja cha kwanza akasema "mama vichungu, vinawasha hapa" akashika koo. Nikamwambia ni pilipili hiyo mwanangu kula. Hii sentensi bado inaniuma mpaka leo maana mtoto alikuwa ananiambia ukweli kabisa, ule uchungu na kuwasha kooni ndo alama yenyewe, na mimi nikauzidishia ukwaju ukapotea akala vinne.

Tulikula saa nane mchana. Saa nne usiku akaanza kulalamika tumbo, akatapika, akaharisha, akatapika tena, mpaka saa nane za usiku amelegea hata kukaa hawezi. Mimi nilikuwa na kichefuchefu na kichwa kinauma, baba yake tumbo lilimkata kidogo tu. Tukambeba zahanati usiku ule ule. Wakapima malaria hamna, wakamwekea dripu maana alikuwa ameishiwa maji, daktari akauliza mmekula nini leo, nikataja viazi, akauliza vilikuwaje, nikasema vya kijani vina machipukizi. Akanyamaza kidogo kisha akasema mama, hakuna dawa ya kuiondoa hiyo sumu mwilini, kazi yetu ni kumrudishia maji na kumwangalia, akianza kuchanganyikiwa au kulala asiamke vizuri tunamkimbiza hospitali kubwa. Asante Mungu haikufika huko, siku ya pili jioni akaomba uji. Daktari alisema wazi hana kipimo cha kuthibitisha, ila ule uchungu, muda uliopita na jinsi tulivyoumwa wote vinaelekea huko.

Baada ya hapo sikulala nikaanza kusoma na kuuliza. Hiyo sumu inaitwa solanini, iko na ndugu yake mwingine wanafanana kazi, na kiazi huwa inazo kidogo siku zote, ni kinga yake asiliwe na wadudu. Kiazi mviringo sio mzizi, ni shina lililovimba chini ya udongo, ndo maana lina macho. Likipigwa na mwanga linajiona kama limeshatoka nje, linaanza kutengeneza ile rangi ya kijani ya majani na wakati huo huo linaongeza solanini. Yaani ule ukijani wenyewe sio sumu, ni taarifa kwamba mwanga umefika hapo. Hii ni muhimu maana kiazi kilichokwaruzwa au kugongwa sana nacho kinaweza kuwa na sumu nyingi bila kijani chochote. Sumu inakaa zaidi kwenye ganda na nyama iliyo chini yake kidogo tu, kwenye macho, na kwenye machipukizi ndo imejaa. Mwilini inachubua utumbo na ikiwa nyingi inavuruga mishipa ya fahamu, ndo ule usingizi na kuchanganyikiwa alikosema daktari.

Nikapiga hesabu ya siku ile. Kiazi cha kawaida kina chini ya miligramu 100 kwa kilo, na 200 kwa kilo ndo mpaka unaotajwa wengi kwamba usivuke. Mtu anaweza kuanza kuumwa akila kama miligramu 1 mpaka 2 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwanangu kilo 14, ni miligramu 14 mpaka 28 tu. Viazi vinne vya gramu 50 ni gramu 200, tuseme vilikuwa na 200 kwa kilo, hiyo ni miligramu 40, tayari kavuka. Baba yake ana kilo 70, yeye angehitaji 70 na kuendelea, na alikula vitano. Halafu vile vidogo ndo vibaya zaidi maana ganda ni jingi ukilinganisha na nyama, na mimi sikumenya kabisa.

Kitu kilichonishtua zaidi ni moto. Nilidhani nikichemsha sana sumu inaisha, kumbe maji yanachemka nyuzi 100 na mafuta ya chipsi ni kama 180, haitoshi kuimaliza, na kwenye maji haitoki ya maana. Kuna shule moja London, taarifa yake ilitoka 1979, wavulana 78 waliumwa baada ya chakula cha mchana na 17 wakalazwa, viazi vilikuwa vimebaki toka muhula uliopita na vilishapikwa vizuri tu. Wote walipona.

Sasa hivi nafanyaje. Lile bati nimelifunika na stoo ni giza, viazi viko kwenye gunia la katani juu ya mbao, hewa inapita, na nanunua vya siku nne tano tu. Asubuhi nachambua kwenye mwanga, ganda likiwa jekundu nakwaruza kwa kucha maana kijani kinajificha chini. Doa dogo la kijani nalikata kwa unene, kama milimita 3 ndani na kuzunguka, nikiona kijani bado kinaendelea natupa kiazi chote. Chipukizi fupi na kiazi kigumu natoboa jicho lote kwa ncha ya kisu, kikishanywea na machipukizi marefu natupa bila kuhurumia hela. Na chochote kikiwa kichungu mdomoni nakitema, hata kama kimeshakaangwa.

Mjomba wangu yuko Lushoto analima, nilipomsimulia akaniambia wao viazi vya mbegu wanaviweka kwenye mwanga makusudi ili vitoe machipukizi mafupi magumu ya kijani, na zikibaki kuna watu wanaziuza bei ya kutupa. Dada zangu wa chipsi hizo msinunue hata kwa bure, hapo umebeba kijani na machipukizi pamoja, na zingine zimepakwa dawa.

Kuna kaka anafuga nguruwe alikuwa anakuja kuchukua maganda kwangu. Maganda safi bado nampa, ila ndoo ya vya kijani na machipukizi nimemkatalia, nguruwe nao wanaumwa, naifukia nyuma ya banda.