Yusufu alikuwa mwana wa Yakobo au wa Eli?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi kwenye jumuiya yetu hapa Kizota, binti mmoja anayejiandaa kwa kipaimara aliweka kidole kwenye Mathayo 1, akafunua Luka 3, akauliza: "Mama, babu yake Yesu ni nani? Huku ni Yakobo, huku ni Eli." Watu wakaharakisha kumjibu kwamba Luka ameandika ukoo wa Mariamu. Jibu hilo limezoeleka makanisani, na mimi halinitoshelezi. Luka 3:23 inasema Yesu alidhaniwa kuwa mwana wa Yusufu, wa Eli. Mariamu hatajwi katika orodha nzima. Ajabu ni kwamba Mathayo, ambaye sote tunakubali kwamba anafuata upande wa Yusufu, ndiye anayemtaja.

Kuna jibu la zamani zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 3, Mkristo mmoja aliyeishi Palestina, Julio Afrikano, aliandika barua kuhusu swali hilihili, na Eusebio akaihifadhi katika kitabu cha kwanza cha historia yake ya Kanisa. Afrikano anaanzia kwenye Kumbukumbu la Torati 25:5-6: mtu akifa bila mwana, ndugu yake amwoe mjane, na mzaliwa wa kwanza asimame kwa jina la marehemu, jina lake lisifutwe katika Israeli. Wazee wetu wa hapa Ugogo wamewaona wajane wakirithiwa na ndugu wa marehemu, kwa hiyo mtoto kuwa na baba aliyemzaa na baba anayehesabiwa kwake si habari ngeni masikioni mwetu.

Basi, anasema Afrikano, Matani wa uzao wa Sulemani alimzaa Yakobo, kisha akafa. Mjane wake, ambaye mapokeo yanamwita Estha, akaolewa na Melki wa uzao wa Nathani mwana wa Daudi, akazaa Eli. Yakobo na Eli wakawa ndugu wa mama mmoja. Eli akaoa, akafa bila mtoto. Yakobo akamtwaa mjane, akamzaa Yusufu. Kwa damu Yusufu ni wa Yakobo, kama Mathayo alivyoandika. Kwa sheria ni wa Eli, kama Luka alivyoandika.

Ni maelezo mazuri, lakini tuyapime. Ukisoma Luka katika Biblia zetu, baba yake Eli ni Mathati. Melki yuko mbele zaidi, baada ya Lawi. Inaelekea nakala aliyoisoma Afrikano haikuwa na majina hayo mawili. Tena walimu wa Kiyahudi waliihesabu sheria ile kwa ndugu wa baba mmoja, na hawa walichangia mama tu. Afrikano mwenyewe, kwa unyofu ninaoupenda, anakiri kwamba hana ushahidi, ila hajaona maelezo bora kuliko hayo.

Kwa hiyo simshikilii kwenye majina ya wajane na ndoa zao. Ninamshikilia kwenye jambo moja: Israeli walihesabu baba kwa damu na pia kwa sheria, na ushahidi wa hilo umo ndani ya Maandiko. Zerubabeli, ambaye yumo katika orodha zote mbili, katika Ezra 3:2 ni mwana wa Shealtieli, na katika 1 Nyakati 3:19 ni mwana wa Pedaya, ndugu yake Shealtieli. Andiko halituambii kwa nini. Tazameni pia Obedi. Katika Ruthu 4:10 Boazi anatangaza mbele ya wazee wa Bethlehemu kwamba anamtwaa Ruthu ili kuinua jina la marehemu Maloni katika urithi wake. Mistari michache mbele, ukoo wa Daudi unaandikwa: Boazi akamzaa Obedi. Maloni hayumo. Mwandishi mwingine angeweza kumweka Maloni pale, wala asingekuwa amesema uongo.

Binti yule hakuridhika haraka, na alifanya vema. Akauliza: kama Yusufu hakumzaa Yesu, orodha zote mbili zina kazi gani? Hapo ndipo ningependa tukae wiki hii. Mathayo anarudia "akamzaa" kuanzia Ibrahimu, lakini akifika kwa Yusufu anaacha. Anasema ni mumewe Mariamu, aliyemzaa Yesu. Luka naye anaweka "akidhaniwa". Wote wawili wanajua kwamba Yesu anaingia nyumba ya Daudi kupitia baba ambaye si wa damu. Malaika alimwita Yusufu "mwana wa Daudi", akamwagiza: nawe utamwita jina lake Yesu. Mtoto alipozaliwa, asema Mathayo 1:25, Yusufu akamwita jina lake Yesu. Kwa tendo hilo alimpokea kuwa mwanawe, na ukoo wote wa Daudi ukawa wa mtoto huyo.