Vifuniko saba, sekunde tano

Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Nina vifuniko saba. Vingine nimevishika mkono huu, vingine mkono huu. Vinaweza kuwa vingapi hapa, na vingapi hapa?" Mwalimu wa darasa la kwanza aliliuliza akiwa amekunja ngumi zote mbili, nami niko dawati la nyuma na daftari langu na simu inayohesabu sekunde. Ilikuwa shule moja ya Kadutu, hapa Bukavu. Watoto 54, wengi wa miaka sita, wamebanana watatu watatu kwa dawati. Vifuniko ni vile vya chupa za soda na bia. Mzazi yeyote anaweza kumpa mtoto kumi aende navyo shuleni.

Swali lile tulilitunga pamoja jana yake baada ya masomo, yeye na mimi. Shida aliyonieleza ni ya darasa lolote kubwa: watoto sita au saba wa mbele ndio wanaojibu, wakipiga vidole hewani na kuita "Madamu! Madamu!", na wengine wote wanafuata kwa sauti ya pamoja. Nilipomsikiliza siku ile niliona jambo la pili ambalo yeye hakulitaja. Maswali yake mengi yalikuwa na mkia: "Tano na mbili ni sa…?" na darasa zima linamalizia, "…baaa!" Sote tulisomeshwa hivyo. Mtoto aliyenyamaza huhitaji tu kufungua mdomo pamoja na wenzake ili aonekane amejua, na mwalimu hana njia ya kumtambua aliyefikiri na aliyeitikia.

Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kubadili swali, kabla hata hatujagusa muda. Ukisubiri sekunde tano baada ya "tano na mbili ni ngapi?", hujampa mtoto nafasi ya kufikiri, anayejua anajua, asiyejua anazidi kuona haya. Saba iliyofichwa mikononi ni tofauti. Ina majibu manane ukihesabu mkono mtupu na ukitofautisha kulia na kushoto, mtoto dhaifu anaweza kupata moja, na mwepesi bado ana kazi ya kutafuta mengine. Tuliandika maswali manne tu ya namna hiyo kwa somo la dakika 30, kwa sababu swali la wazi linakula muda.

Halafu tukapanga kusubiri. Mmarekani Mary Budd Rowe, aliyerekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi na kuandika matokeo yake miaka ya 1970, alikuta kwamba walimu husubiri kama sekunde moja, au hata pungufu, kabla ya kurudia swali au kumwita mtoto mwingine. Walipofikisha sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na waliokuwa hawajibu kitu walipungua. Alikuta pia kwamba wale ambao mwalimu anawaona ni wazito hupewa muda mfupi kuliko wanaoonekana wepesi. Mimi husema tano kwa darasa la kwanza, kwa kuwa mwalimu aliyesimama mbele ya watoto walionyamaza huhesabu haraka: tano yake ni tatu ya saa. Dawa ya hilo ni kuhesabu kwa mwili. Tulikubaliana aweke mkono mmoja nyuma ya mgongo na kidole gumba kiguse vidole vinne kimoja kimoja, taratibu, kisha kirudi kwa cha kwanza. Nyuma ya mgongo, ili watoto wasigeuze hesabu hiyo kuwa mashindano.

Asubuhi, kabla ya swali, aliwaambia sheria nne kwa maneno yao. Hakuna kunyosha mkono. Ukipata jibu, weka ngumi kifuani. Nitanyamaza kidogo ili kila mtu atafute. Nitakayemwita ndiye atasema. Jina linakuja mwisho, baada ya ukimya, na mpangilio huo una sababu yake: ukitaja jina kabla ya swali, watoto 53 wanapumzika.

Basi akauliza, akafunga mdomo. Sekunde ya kwanza na ya pili zilipita vizuri. Ya tatu, mvulana mmoja wa mbele alianza kujipigapiga kifua kwa nguvu, na mwalimu akateleza: "Eeh, fikirini, saba, vingapi hapa…" Ni kosa ambalo karibu kila anayejaribu mara ya kwanza hulifanya, na madhara yake hayaonekani kwa macho. Mtoto aliyekuwa ameanza kuhesabu vidole anaacha ili asikilize, kisha anaanza upya. Ukisema neno katikati ya ukimya, saa imerudi sifuri. Nilimwonyesha kiganja kutoka nyuma, akanyamaza tena, na safari hii alifika mwisho.

Mvulana wa mbele aliitwa. "Bitatu na bine!" Sasa ikaja sehemu ngumu kuliko ya kwanza, ule ukimya wa pili, baada ya jibu. Mwalimu wetu yeyote angesema "Vizuri sana! Mpigieni makofi!" na hapo swali lingekufa, kwa sababu "vizuri sana" katika masikio ya mtoto wa miaka sita maana yake jibu limeshapatikana. Yeye alitikisa kichwa kidogo kuonyesha amesikia, hakurudia jibu, akasubiri tena kama sekunde tatu. Mvulana alimtazama usoni, akashtuka, akabadilisha: "Bine na bitatu?" Alidhani amekosa. Hilo lilitarajiwa: pale mwalimu aliyezoea kusifu anaponyamaza, watoto husikia lawama. Akawaambia wote, "Nikinyamaza si kusema umekosa. Nangoja kama kuna kingine." Sentensi hiyo inabidi irudiwe kila somo kwa muda, mpaka iwe mazoea.

Jibu lile lililogeuzwa lilikuwa zawadi, na mwalimu hakuliacha lianguke. "Vitatu hapa na vinne hapa, vinne hapa na vitatu hapa. Ni kitu kimoja au ni viwili?" Kisha mkono mgongoni, tena kimya.

Katika ukimya huo nilikuwa namtazama binti mmoja wa dawati la tatu, upande wa dirisha. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba huyo hajawahi kujibu peke yake tangu Septemba, na kwamba nyumbani wanaongea Mashi. Ukimya wa watoto si wa aina moja, na mtu anaweza kuutofautisha akitazama macho na mikono badala ya mdomo. Anayefikiri hutazama kitu: vidole vyake, vifuniko, ngumi za mwalimu, midomo husogea bila sauti. Aliyepotea hutazama watu: uso wa mwalimu, kisha jirani, kisha tena mwalimu. Huyu binti alikuwa na vifuniko vyake mapajani na alikuwa akihamisha kimoja kutoka goti moja kwenda lingine. Basi kufikiri kulikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kutokea.

Mwalimu hakumwita. Aliwaambia kwanza wote wamnong'oneze jirani, kwa lugha yoyote, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu ukimya peke yake haumfungui mtoto mwenye haya. Humpa wazo, lakini wazo hilo bado linapaswa kusemwa mbele ya watu 53. Akilinong'ona mara moja, kwa Mashi kama ndivyo lilivyomjia, anakuwa amelijaribu mahali pasipo na hatari. Mwalimu alipita kati ya madawati, akainama kwa binti yule, akasikiliza, akamwambia kwa sauti ya chini: "Hilo, nitakuomba uwaambie wenzako." Hakumshtukiza.

Alipomwita, binti alisimama akasema, "Sita na kamoja." Kimya. Wa mbele wakaanza kuinua ngumi, mwalimu akawazuia kwa jicho. Moja, mbili, tatu. Kisha binti akaongeza, akiangalia chini mapajani pake: "Ukitosha kamoja huku, unatia huku, inabakia saba. Unatosha tena, unatia tena."

Niliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Jibu la kwanza ni jozi ya namba. La pili ni kanuni: kinachopungua upande mmoja kinaongezeka upande mwingine, na jumla haibadiliki. Mwalimu angesema "vizuri sana" baada ya "kamoja", lile la pili lisingesikika kamwe. Alichofanya badala yake ni kuuliza darasa, "Mmesikia alichosema? Tufanye hivyo na vifuniko vyetu." Wakahamisha kimoja kimoja, tano na mbili, sita na moja, mpaka mtoto mmoja wa nyuma kabisa akaita bila kuitwa: "Madamu, huku mukono iko wazi!" Saba na hakuna. Hatukuwa tumepanga kufika kwenye sifuri siku ile.

Haikuwa yote laini. Swali la tatu, "Umejuaje?", lilikufa. Watoto watatu mfululizo walijibu "Nilijua tu" au "Mama alinifundisha." Kwa mtoto wa miaka sita "umejuaje" ni swali kuhusu asili ya habari, tena linaweza kusikika kama kushukiwa. Tulilibadilisha baadaye likawa "Tuonyeshe ulivyofanya kwa vifuniko", nalo likafanya kazi, kwa kuwa mikono inaanza na maneno yanafuata. Na swali la nne halikuulizwa, kwa sababu mvua ilishuka juu ya mabati na kwa dakika kumi hakuna aliyemsikia mwenzake. Wakati wa mvua mwalimu aligeukia ardwazi: kila mtoto achore mikono miwili na nukta, kisha ainue.

Kipindi cha mapumziko tulipitia daftari langu. Katika somo zima alikuwa ameita watoto kumi na mmoja tu, na hilo lilimsumbua. Katika masomo yake ya kawaida anawaita zaidi ya thelathini. Nikamwonyesha safu ya pili: kati ya hao kumi na mmoja, saba walisema zaidi ya maneno matatu, na watano hawakuwa wa madawati ya mbele. Hakuridhika sana. Aliniuliza atafanya nini na wale 43, na nilimjibu kwamba kunong'ona ndiyo zamu yao, ila yeye apite safu tofauti kila somo na kuandika aliowasikiliza, la sivyo miguu itampeleka kwa wale wale. Alichukua kalamu, akachora ramani ya madawati nyuma ya jalada la daftari la maandalio, akatia alama ya kwanza upande wa dirisha.