Asilimia 15 badala ya 50: tulivyoipigania fidia ya ndugu yangu aliyebebwa mshikaki

Mtu akivunjika mguu akiwa abiria wa boda boda bila helmeti, hapa Mombasa atapewa ushauri wa aina mbili, na wote ni wa kumpoteza. Wa kwanza ni kwamba hana kesi, kwa kuwa na yeye alivunja sheria. Wa pili ni kwamba aseme helmeti alikuwa nayo. Nimeusikia wote wodini nilipokuwa namuuguza ndugu yangu mdogo, na bado naukasirikia, kwa sababu mamangu aliuamini ule wa kwanza na karibu tuache haki yake ipotee.

Ukweli uko katika sheria iitwayo Law Reform Act, sura ya 26 ya sheria za Kenya, kifungu cha 4. Zamani, kwa sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, mtu aliyechangia ajali kwa uzembe wake hata kidogo alikosa fidia yote. Kifungu hicho kikaliondoa jambo hilo. Sasa dai halifi, ila fidia inapunguzwa kwa kiasi ambacho mahakama itaona ni haki, ikitazama sehemu ya lawama ya yule aliyeumia. Kwa hivyo swali lililokuwa mbele yetu lilikuwa asilimia ngapi tu.

Ajali yenyewe ilikuwa hivi. Ndugu yangu alipanda boda boda Bombolulu akielekea sokoni Kongowea. Njiani mwendeshaji akasimama, akampakia abiria wa pili nyuma yake, wakawa mshikaki. Ndugu yangu akabaki katikati, hakuteremka. Mbele kidogo pikapu ikatoka kwenye kituo cha mafuta upande wa kushoto, ikaingia barabara kuu bila kusimama. Mwendeshaji akapiga breki, pikipiki ikateleza, na bampa ya pikapu ikaubana mguu wa kushoto wa ndugu yangu. Mifupa yote miwili ya chini ya goti ikavunjika. Kichwani alipasuka kidogo, akashonwa, kidonda kikapona mapema. Yule wa nyuma alitoka na michubuko.

Dereva wa pikapu alishtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu, akakiri, akatozwa faini. Mtaani kila mtu akasema basi, imekwisha, bima italipa yote. Haiko hivyo. Hukumu ile ni ushahidi mzito kwamba dereva alikuwa mzembe, na hapo hawezi tena kukana. Lakini haisemi chochote kuhusu uzembe wa aliyeumia, na mahakama ya madai ina ruhusa ya kumgawia sehemu yake.

Nililijua hilo siku tulipokwenda wenyewe kwenye kampuni ya bima ya ile pikapu, kabla hatujaweka wakili. Ndugu yangu alikuwa kwenye magongo. Nilikuwa nimebeba abstrakti ya polisi, fomu ya P3, picha za eksirei na bahasha ya risiti, na kichwani nilikuwa nimejipanga kumwonyesha karani jinsi dereva wao alivyokosea. Karani hakubishana na mimi hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaifungua P3, akaweka kidole kwenye mstari wa jeraha la kichwa, akamuuliza ndugu yangu kwa upole, "Kaka, helmeti ulivaa?" Akasema hapana. "Na mlikuwa wangapi kwenye pikipiki?" Akasema watatu. Karani akaandika kwenye karatasi: nusu kwa nusu. Akatueleza kwamba hiyo ndiyo kawaida, na kwamba tukienda mahakamani tutapata chini ya hapo. Kalamu akaisukuma upande wetu. Ndugu yangu alikuwa amechoka na maumivu, akanong'ona, "Dada, tutie sahihi tuondoke." Niliikunja ile karatasi, nikamwambia karani tutamjibu. Nusu ya fidia ya mguu uliovunjwa na gari lao, kwa sababu ya helmeti! Hesabu hiyo haikuniingia, na nilitoka pale nikiiwaza njia nzima hadi Kisauni.

Wakili tuliyempata, mama mmoja mwenye ofisi mjini, alinielewa kabla sijamaliza kueleza. Akasema kuna maswali mawili ambayo watu wa bima hupenda kuyachanganya. Moja ni nini kilisababisha ajali. La pili ni nini kilisababisha jeraha. Kukosa helmeti hakuiiti pikapu barabarani. Kunaweza tu kulifanya jeraha liwe kubwa kuliko ambavyo lingekuwa, na jeraha hilo ni la kichwa. Akanisimulia kesi ya Uingereza, Froom dhidi ya Butcher, iliyoamuliwa 1975. Froom hakufunga mkanda wa gari, akaumia kichwa na kifua, na kidole kikavunjika. Mahakama ikasema, kama mkanda ungezuia majeraha yote, fidia ipunguzwe asilimia 25. Kama ungeyapunguza tu, asilimia 15. Na kama usingesaidia lolote, isipunguzwe kitu. Kidole cha Froom kingevunjika hata kama angefunga mkanda, kwa hivyo makato yake yakashuka hadi asilimia 20. Kesi za huko hazizifungi mahakama zetu, lakini mahakimu huzisikiliza.

Kile kidole ndicho kilichonifungua macho. Nilirudi nyumbani nikachukua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika kila kitu cha kichwa: kushonwa, bandeji, dawa ya siku chache. Upande wa pili kila kitu cha mguu: upasuaji, vyuma, magongo, mazoezi ya viungo, miezi ya kukaa bila kazi. Upande wa mguu ulijaa hadi chini na ule wa kichwa haukufika robo. Nikampelekea wakili, nikamuuliza: tukiacha kabisa kudai fidia ya kichwa, helmeti wataining'iniza wapi?

Aliliangalia daftari, akacheka, akaniambia nimemrahisishia kazi. Hati ya madai ikaandikwa kwa jeraha la mguu peke yake. Hatukuficha chochote. Ripoti ya daktari ilitaja kidonda cha kichwa na kwamba kimepona, na ndugu yangu alikuwa tayari kukiri mbele ya hakimu kwamba hakuvaa helmeti. Hapo ndipo ule ushauri wa kudanganya unapomwangamiza mtu: karatasi ya kwanza ya hospitali huandika mgonjwa alivyofika na alivyosema, na ukikamatwa kwa uongo mmoja, hakimu hatauamini hata mguu wako. Tulipoteza pesa kidogo za kidonda kilichopona, na wao wakapoteza hoja yao kubwa.

Majibu yao ya madai yalikuja na orodha ndefu ya lawama: hakuvaa helmeti, hakushika vizuri, hakumwonya mwendeshaji, alikubali kubebwa watatu. Lazima waandike hivyo, kwa sababu uzembe wa kuchangia usipotajwa kwenye majibu hauzingatiwi, na anayeutaja ndiye mwenye mzigo wa kuuthibitisha. Waliongeza pia kwamba mguu wake ulikuwa ukining'inia nje, kwa kuwa pikipiki ina vikanyagio vya abiria mmoja tu. Hoja hiyo ilinitia wasiwasi, maana kama ingekuwa kweli, ingegusa mguu wenyewe. Tukamtafuta mwendeshaji kwenye stendi yake. Pikipiki ilikuwa bado haijatengenezwa. Kikanyagio cha nyuma cha kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea injini, na mpira wake umepasuka mahali bampa ilipogonga. Nikakipiga picha kwa karibu na kwa mbali, pamoja na namba ya pikipiki. Ndugu yangu ndiye aliyekuwa katikati, vikanyagio ni vyake. Aliyening'iniza miguu ni yule wa nyuma, naye hakuvunjika. Nakusihi, picha ya chombo piga kabla fundi hajakigusa, hata kama mgonjwa bado yuko wodini.

Ikabaki lawama moja ambayo wakili hakutaka nijidanganye nayo. Mwendeshaji alisema wazi kwamba pikipiki ilikuwa nzito na breki haikushika kama kawaida. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu. Uzembe wa mwendeshaji hauhesabiwi kwa abiria, kwa hivyo breki zake si kosa la ndugu yangu. Lakini abiria wa pili alipopanda, ndugu yangu alikuwa na nafasi ya kuteremka, akaendelea na safari kwenye chombo alichojua kimezidishwa. Hapo hakimu angempa sehemu fulani, na hakuna awezaye kuapa ni ngapi, maana kifungu cha 4 hakina jedwali. Jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu, alinishauri nishikilie sifuri mpaka mwisho. Sikumfuata.

Wakili wao akashuka kutoka 50 hadi 30. Wetu akampelekea picha za kikanyagio na ripoti ya daktari, akamuuliza ni jeraha gani katika dai hili ambalo helmeti ingelizuia. Kimya kikapita, kisha ikaja 15. Tukakubali, ikaandikwa mahakamani kama makubaliano ya dhima, 85 kwa 15, na baada ya hapo kilichobaki ni kubishania kiasi cha fidia tu. Makubaliano ya namna hii ni ya kawaida sana katika kesi za barabarani, na yanaokoa kuwasimamisha mashahidi.

Hakimu alimpa fidia ya jumla, ile ya maumivu na ulemavu, shilingi 600,000. Gharama zilizothibitishwa kwa risiti zilifika kama 80,000. Jumla 680,000. Hapo wengi hudhani makato yanagusa ile fidia ya maumivu peke yake. Yanagusa yote, pamoja na pesa ulizokwisha kulipa hospitali. Asilimia 15 ya 680,000 ni 102,000, akabakiwa na 578,000. Kwa ile karatasi ya karani angepata 340,000, na hiyo ni kama wangekubali kiasi kile kile.

Kilichoniuma ni teksi. Miezi yote ile ya kumpeleka kliniki na kumrudisha, madereva hawakuwa wakitoa risiti, na gharama za aina hiyo bila karatasi mahakama haizilipi. Zile chache zilizolipwa ni za dereva mmoja wa Kisauni niliyemwomba aniandikie kila safari kwenye kijitabu cha risiti cha dukani, tarehe, kutoka wapi hadi wapi, namba ya gari na sahihi yake. Muda wa kufungua kesi kama hii ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Yule abiria wa nyuma, mwenye michubuko, nimempa namba ya wakili na nakala za picha, na bado hajakwenda.